Kukadiria mavuno ya mahindi kwa picha ya mraba wa sampuli: kutoka kamba ya mita 3 hadi kilo za shamba zima

Kila msimu wa masika unapokaribia kuvunwa, maswali yale yale hurudi. Mtu amepiga picha ya kipande cha shamba lake, amehesabu mahindi yaliyomo, amezidisha, kisha akapata mapolo kumi. Alipovuna akapata sita. Anauliza kosa liko wapi, na mara nyingi huamini kwamba alikosea kuhesabu. Katika picha na daftari nilizopata kuziona, kosa la kuhesabu ni dogo. Makosa makubwa hutokea kabla picha haijapigwa, yaani katika kuchagua pahali pa kuweka mraba, katika upana wa mraba ukilinganishwa na mistari ya mihindi, na katika kupima eneo la shamba. Mwongozo huu unafuata njia moja tu, ya mahindi, na mfano wake unatoka katika shamba la karibu nusu ekari katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, lililopandwa mwezi wa Machi na kuvunwa mwezi wa Julai.

Hapa chini neno "muhindi" ni mmea, na neno "hindi" ni tunda zima lenye punje, kabla halijapukuchuliwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamba ya nailoni ya mita 12, iliyofungwa mafundo kila baada ya mita 3, na kipande kingine cha mita 4.24 kwa ajili ya mshazari. Kamba ya usumba isitumike kwa kazi hii, kwa sababu hunyooka ikivutwa na vipimo hubadilika.
- Tepu ya kupimia, ya mita 30 au 50. Kama haipo, kamba ndefu ya nailoni iliyopimwa vizuri inatosha.
- Vigingi 20 vya kuacha shambani, vinne kwa kila mraba, na vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa M1 hadi M5.
- Simu yenye kamera, na ufito wa kuifungia ikiwa mkono haufiki juu ya kutosha.
- Jamvi la kupangia mahindi, na mizani inayosoma gramu. Mizani ya duka inayoruka kila nusu kilo haifai.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Pima shamba kwa kamba, si kwa macho

Pima urefu na upana wa sehemu iliyopandwa, kuanzia nusu ya nafasi nje ya mstari wa kwanza hadi nusu ya nafasi nje ya mstari wa mwisho. Shamba lisilokuwa na umbo la mstatili ligawe katika pembetatu na mistatili, upime kila kipande, kisha ujumlishe. Programu za simu zinazopima eneo kwa kulizunguka shamba kwa miguu ni nzuri kwa mashamba makubwa, lakini simu ya kawaida hukosea mita kadhaa katika kila kona, na katika shamba la mita 40 kwa 50 kosa hilo huingia moja kwa moja katika kilo zako.

Shamba la mfano wetu lilikuwa na mita 48 kwa mita 42, yaani mita za mraba 2,016. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo mwenyewe alikuwa sahihi kabisa aliposema ni nusu ekari. Si kila mara inakuwa hivyo. "Ekari" ya kusemwa mdomoni na ekari ya kamba hupishana sana, na makadirio yote yaliyobaki yanasimama juu ya kipimo hiki.

Kwenye mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Pemba, pima shamba na miraba yote kwa namna moja, yaani kwa kuilaza kamba juu ya ardhi. Ukipima eneo la shamba katika ramani iliyochukuliwa kutoka juu, kisha miraba ukaipima kwa kamba iliyolala kwenye mteremko, vipimo hivyo viwili havitalingana. Katika mteremko wa nyuzi 20 tofauti hufika karibu asilimia 6.

Hatua ya 2: Chagua upana wa mraba kwa kufuata nafasi ya mistari

Watu wengi hutumia mraba wa mita 1 kwa mita 1 kwa sababu hesabu yake ni rahisi na picha yake inaingia vizuri katika simu. Kwa mahindi mraba huo haufai, na sababu yake ni hii. Chukua shamba ambalo mistari yake imeachana kwa sentimita 75. Mraba wa mita 1 ukiuweka hapa utakamata mstari mmoja. Ukiusogeza kwa kiganja kimoja utakamata miwili. Kwa wastani halisi, mita 1 ya upana ina mstari mmoja na theluthi. Kwa hiyo ukikamata mistari miwili umeongeza mavuno kwa nusu nzima, na ukikamata mmoja umeyapunguza kwa robo, wala hakuna hindi hata moja ulilolihesabu vibaya.

Dawa yake ni kuchagua upana unaogawanyika sawasawa kwa nafasi ya mistari. Kwa mistari ya sentimita 75, mraba wa mita 3 kwa mita 3 hubeba mistari minne kamili. Kwa mistari ya sentimita 90, tumia mita 3.6, ambayo pia ni mistari minne. Mshazari wake utakuwa mita 5.09. Kamba ya ubavuni lazima ipite katikati ya mistari miwili, isipite juu ya mashina.

Katika ardhi ya mawe, ambako mihindi hupandwa kwa kufuata mifuko ya udongo na hakuna mstari unaoonekana, sharti la mistari halipo, lakini mraba usipungue mita 3, na idadi ya miraba ifike 8 au 10 kwa sababu tofauti kati ya kipande kimoja na kingine ni kubwa mno.

Hatua ya 3: Acha bahati ichague pahali

Andika namba kwenye vikaratasi, kuanzia 1 hadi idadi ya hatua za urefu wa shamba, na vingine kwa upana. Chomoa kimoja kutoka kila kundi. Tembea hatua hizo kuanzia kona moja, na hapo ndipo kona ya kwanza ya mraba. Ukifika ukakuta mstari wa mihindi, sogea kushoto mpaka katikati ya nafasi ya mistari, na kila mara iwe kushoto. Mraba ukitoka nje ya shamba, chomoa upya. Rudia mpaka upate miraba mitano.

Hapa ndipo penye kishawishi. Katika shamba la mfano, mraba wa tatu uliangukia pahali ambapo jiwe lilikuwa limechukua karibu nusu ya nafasi, karibu na mwembe, na mihindi iliyobaki ilikuwa mifupi. Mzee mwenye shamba aliniambia, "Mwanangu, hapo pana jiwe, hapavunwi kitu. Sogezeni kamba." Nilimjibu, "Mzee wangu, jiwe hili limo ndani ya ile nusu ekari tuliyoipima asubuhi. Tukiliruka, tutakuwa tumelihesabia mahindi." Alilikubali jambo hilo mara moja, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya kamba tulipopima.

Kanuni ni kwamba kilichoingizwa katika eneo la shamba lazima kipewe nafasi ya kuangukiwa na mraba. Jiwe, kichuguu, kivuli cha mti, sehemu iliyooteshwa muhogo katikati ya mahindi, vyote hubaki. Ukitaka kuviruka, vipime kwanza na uvitoe katika eneo.

Hatua ya 4: Funga mraba na uhakikishe ni mraba

Piga kigingi katika kona ya kwanza, zungusha kamba ya mita 12 kwa kuweka kila fundo kwenye kona, kisha pima mshazari wa kona hadi kona. Mishazari yote miwili iwe mita 4.24. Ikipishana, mraba wako umelala ubavu na eneo lake limepungua, ingawa pande zote nne ni mita 3. Acha vigingi mpaka siku ya kuvuna, lakini toa kamba. Mwombe mwenye shamba asivitunze vipande hivyo zaidi ya vingine. Nimepata kuona mraba uliopaliliwa mara moja zaidi kwa sababu tu mtu aliona aibu kwamba utapigwa picha.

Hatua ya 5: Picha ya kwanza, mihindi ikiwa na wiki tatu

Wakati huu majani ya mimea jirani bado hayajafunikana na kila shina linaonekana kutoka juu. Palilia kwanza, kwa sababu nyasi changa zenye majani mapana hufanana na muhindi mchanga katika picha. Rudisha kamba, na ugawe mraba katika robo nne kwa kamba mbili zinazokatana katikati. Kila robo ina mita 1.5 kila upande, na simu ikiwa juu kiasi cha mita 2 inaikamata yote pamoja na ukingo kidogo.

Shika simu iwe bapa, sambamba na ardhi. Ikiinama, upande wa mbali wa mraba huonekana mwembamba na mimea ya huko hubanana. Usitumie lenzi pana inayoandikwa `0.5x` kwenye kamera, kwa sababu hupinda kingo. Piga asubuhi au siku ya mawingu. Adhuhuri jua la kwetu huwa karibu juu ya utosi, na kivuli cha simu na mkono wako huangukia katikati ya picha. Kikaratasi cha M1, M2 na kuendelea kionekane katika kila picha, pamoja na kona za kamba.

Hesabu mashina, si majani. Shina lililosimama ndani ya kamba linahesabiwa hata kama majani yake yako nje, na lililosimama nje halihesabiwi hata kama majani yake yameingia. Shina lililo juu ya kamba yenyewe lihesabiwe kwa pande mbili tu, kwa mfano wa kaskazini na wa mashariki, na liachwe kwa pande nyingine mbili. Kwa kamba za katikati, lipe robo moja tu.

Angalizo moja: mashimo yenye mimea miwili huonekana kama mmea mmoja katika picha ya juu. Ikiwa ulipanda punje mbili kwa shimo, hesabu robo moja kwa mkono na ulinganishe na picha kabla ya kuziamini nyingine.

Idadi hii si mavuno. Inakuambia kiwango cha juu kinachowezekana, kwa kudhani kila muhindi utazaa hindi moja.

Hatua ya 6: Picha ya pili, mahindi yakiwa yamekomaa

Picha ya kutoka juu haifai tena. Mihindi imekuwa mirefu kuliko mtu, na mahindi yamebebwa ubavuni mwa bua, chini ya majani. Hata picha nzuri kiasi gani itayaficha mengi. Njia ya kuaminika ni kuyavunja mahindi ya ndani ya mraba na kuyapiga picha juu ya jamvi.

Subiri ukomavu. Chomoa punje moja katikati ya hindi, utazame ncha yake inayoshikana na gunzi. Ukiona tabaka jeusi, punje haiongezeki tena uzito. Ukihesabu kabla ya hapo utapata idadi sahihi ya mahindi na uzito usiokuwapo.

Rudisha kamba kwenye vigingi. Vunja mahindi ya kila muhindi ambao shina lake limo ndani, pamoja na iliyolala ikaangukia nje. Menya maganda, uyapange juu ya jamvi kwa mistari ya kumi kumi bila kugusana, uweke kikaratasi cha mraba, upige picha ukiwa umesimama juu yake. Hindi lisilokuwa na punje kabisa liweke kando. Lenye punje hata chache lipange pamoja na wenzake. Hesabu papo hapo, kisha hesabu tena katika picha ukiwa nyumbani kwa kutia alama juu ya kila hindi, au mpe mtu mwingine ahesabu bila kumwambia idadi yako.

Hatua ya 7: Pata uzito wa hindi moja

Katika mpangilio uliopo jamvini, chukua kila hindi la tano. Chagua la kuanzia kwa kuchomoa namba 1 hadi 5, na uendeleze mlolongo huo kutoka mraba wa kwanza hadi wa mwisho. Usichague kwa mkono, kwa sababu mkono hupenda hindi kubwa. Yapukuchue hayo peke yake, uanike punje, uzipime kila jioni. Uzito ukiacha kushuka kwa siku mbili, jaribu kwa chumvi: tia punje na chumvi iliyokauka vizuri katika chupa kavu ya kioo, utikise, uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, na kazi ya kuanika haijaisha.

Hatua ya 8: Hesabu

Katika shamba la Micheweni, picha za wiki ya tatu zilitoa mihindi 38, 33, 16, 40 na 33, jumla 160. Picha za jamvini zilitoa mahindi 31, 27, 12, 34 na 26, jumla 130. Eneo la miraba mitano ni mita za mraba 45. Mahindi 26 ya sampuli yalitoa punje kavu kilo 2.08, yaani gramu 80 kwa kila hindi.

```
mahindi / eneo_la_miraba * eneo_la_shamba * kilo_kwa_hindi
130 / 45 * 2016 * 0.08 = 465.92
```

Makadirio ni kilo 466. Kwa idadi ya mihindi peke yake, hesabu ile ile ingetoa kilo 573, na ndiyo maana sikupenda mzee aanze kuzungumza bei na mnunuzi mwezi wa Aprili.

Usitoe namba moja tu. Njia nyepesi ya kuona jinsi makadirio yako yanavyotikisika ni kutoa mraba mmoja mmoja na kuhesabu kwa minne iliyobaki. Tukiondoa mraba bora, wastani unakuwa mahindi 24 kwa mraba na shamba linatoa kilo 430. Tukiondoa ule wa jiwe, wastani unakuwa 29.5 na shamba linatoa kilo 529. Kwa hiyo nilimwambia mzee atarajie kati ya polo nne na robo na polo tano na robo, za kilo mia mia, na mavuno yanaweza pia kutoka nje ya mpaka huo, kwani miraba mitano ni michache. Alivuna kilo 438, tukijumlisha na zile kilo mbili za sampuli. Lau tungeusogeza ule mraba wa tatu ukakamata kiasi cha mahindi 30 kama wenzake, makadirio yangekuwa kilo 530, karibu polo zima ambalo halikuwapo shambani.

Mambo yakikataa

*Makadirio yamezidi mavuno kwa kiasi kikubwa.* Angalia kwanza kama uliruka mawe na vivuli, kisha kama punje za sampuli zilikauka sawasawa. Punje zenye unyevu wa asilimia 25 zikikaushwa mpaka 13, kilo 100 hubaki kama kilo 86. Uliza pia mahindi mabichi mangapi yalivunjwa kwa kuchoma au kuuza baada ya siku ya picha, na kama tumbili au kunguru waliingia.

*Makadirio ni madogo kuliko mavuno.* Mara nyingi eneo la shamba limepimwa dogo, au kamba imekamata mistari mitatu badala ya minne. Rudi kwenye picha ya wiki ya tatu uhesabu mistari.

*Idadi ya picha na idadi ya shambani hazilingani.* Hindi mbili ndogo zimegusana na kuonekana moja, au hindi lililo ukingoni limekatwa na picha. Ikiwa picha haiwezi kukata shauri, tumia idadi ya shambani na uandike hivyo daftarini.

*Mraba mmoja umetofautiana mno na mingine.* Usiufute. Ongeza miraba mitatu kwa kuchomoa namba upya, uihesabu yote minane pamoja, ukikumbuka kubadilisha eneo la miraba kutoka mita za mraba 45 hadi 72.

*Muhindi mmoja una mahindi mawili.* Yote mawili huwekwa jamvini, na lile la chini ambalo kwa kawaida ni dogo litajirekebisha lenyewe katika wastani wa uzito, mradi mlolongo wa kila la tano haukuvunjwa.

*Vigingi vimeng'olewa.* Watoto, mbuzi au mtu wa kutafuta kuni wamepita. Usikisie mraba ulipokuwa. Kwa mraba huo, tafuta pahali papya kwa bahati, uhesabu mahindi tu, na uache nafasi ya mihindi ya wiki ya tatu ikiwa tupu katika daftari.